Damu ya arobaini: ipi inatoka kwa kupona, ipi inatoka kwa hatari

Siku ya tisa baada ya kujifungua, mzazi anainuka kitandani alfajiri kwenda msalani, na kabla hajafika mlangoni anahisi kitu cha moto kikimteremka mapajani. Ni damu nyekundu kabisa, ilhali jana yake pedi ilikuwa na doa jepesi tu la rangi ya maji yaliyosuuziwa nyama. Mama mkwe wake anamtuliza: “Hiyo ni damu chafu, mwanangu, iache itoke yote.” Wifi yake, ambaye alijifungua kwa upasuaji mwaka uliopita, anataka bajaji iitwe saa ile ile waende hospitali. Kwa wakati huo huwezi kusema nani kati yao amekosea. Damu ya siku ya tisa inaweza kuwa sehemu ya kupona, na inaweza kuwa mwanzo wa balaa, na kinachotenganisha hali hizo mbili ni kile kitakachotokea katika saa moja au mbili zinazofuata.

Makosa mengi katika jambo hili yanatokana na kuhesabu siku. Watu huuliza damu ya uzazi inapaswa kukoma baada ya siku ngapi, wakatafuta jibu la namba moja, na kwa kuwa Waswahili tuna arobaini, namba hiyo huwa tayari mdomoni. Swali lenye faida zaidi ni jingine: damu hii inaelekea wapi? Ikiwa inapungua na rangi yake inafifia, inaweza kuchukua majuma sita na mzazi akawa mzima. Ikiwa inarudi nyuma, yaani iliyokuwa nyepesi imekuwa nzito, iliyokuwa ya waridi imekuwa nyekundu na inaendelea kuwa hivyo, basi hata kama ni siku ya kumi tu, kuna jambo la kutafutwa.

Jeraha lisiloonekana

Ili kuelewa mwelekeo huo ni lazima kwanza kujua damu inatoka wapi. Kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalia, linapobanduka kutoka ukuta wa mji wa mimba huacha jeraha bichi lenye upana wa karibu kiganja cha mkono. Mwisho wa mimba, damu inayopita katika mji wa mimba ni zaidi ya nusu lita kila dakika, kwa hiyo mtu anaweza kushangaa kwamba mama hamaliziki palepale. Kinachomwokoa ni misuli. Nyuzi za misuli ya mji wa mimba zimesukwa kwa kupishana kama ukili wa mkeka, na mishipa ya damu inapita katikati yake. Misuli inapokaza, mishipa hubanwa pande zote ikafungwa. Damu kuganda huja baadaye, kuziba kilichobaki. Ndiyo sababu mkunga hubonyeza tumbo mara kwa mara baada ya uzazi: anatafuta kitu kigumu kama nazi changa karibu na kitovu, na akikuta tumbo limelegea anajua kwamba mishipa iko wazi.

Baada ya hapo mji wa mimba hunywea kwa kasi. Ukiwa na uzito wa karibu kilo moja siku ya uzazi, hubaki nusu yake baada ya wiki moja, na sehemu yake ya juu hushuka kwa takribani upana wa kidole kimoja kila siku, hata kufikia siku ya kumi hadi ya kumi na nne unakuwa umejificha nyuma ya mfupa wa kinena na hauguswi tena kwa mkono juu ya tumbo. Maumivu yanayokuja mtoto anaponyonya, ambayo pwani huitwa chango na huwa makali zaidi kwa aliyezaa mara nyingi, ni kazi hiyo hiyo: kunyonyesha huamsha homoni ya oksitosini, nayo hukaza misuli. Damu kuongezeka kidogo wakati wa kunyonyesha si dalili mbaya. Ni chombo kinachojikamua.

Kinachotoka katika majuma hayo si damu tupu. Ni mchanganyiko wa damu, mabaki ya utando uliokuwa umemlaza mtoto, ute na chembe nyeupe za mwili, na wataalamu huuita lokia. Katika siku tatu au nne za kwanza ni mwekundu na mzito, mwingi kuliko hedhi, wenye vibonge vidogo. Halafu huwa mwepesi, wa waridi au wa kahawia, kwa wiki moja hivi au zaidi. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu hugeuka kuwa wa manjano au mweupe mweupe, na kwa wanawake wengi humalizika kati ya wiki ya nne na ya sita. Wachache huendelea kuona madoa hata baada ya hapo. Aliyejifungua kwa upasuaji naye hupitia njia hiyo hiyo, kwa kuwa jeraha la kondo halitegemei mtoto alitokea wapi, ingawa mara nyingi kiasi huwa kidogo.

Mipaka hiyo ya siku si ukuta. Mzazi aliyelala usiku kucha hukusanya damu ukeni, na anapoinuka hushuka kwa mkupuo mmoja wenye kibonge. Akibadilisha pedi na isilowe tena haraka, hilo lilikuwa ni bwawa dogo likimwagika tu. Vivyo hivyo, mzazi aliyejisikia nafuu wiki ya pili akainama kufua nguo za mtoto beseni zima, jioni anaweza kukuta rangi imekolea. Apumzike, atazame. Ikififia tena kesho yake, mwelekeo haujabadilika.

Gamba la siku ya tisa

Sasa turudi kwenye damu ya alfajiri ile. Jeraha la kondo haliponi kwa kufanya kovu kama kidonda cha mguuni. Lingekuwa linafanya hivyo, kila uzazi ungeacha kovu lake ndani, na baada ya watoto wawili au watatu mimba ingekosa pa kushika. Badala yake ngozi mpya ya ndani hukua kutoka pembeni na kutoka chini ya jeraha, ikilisukuma lile gamba la juu mpaka libanduke. Kubanduka huko hutokea zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na gamba linapotoka huweza kutoa damu nyekundu ghafla, ya kutosha kumtisha mtu. Damu hiyo hukoma yenyewe, kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili, na kesho yake rangi hurudi pale ilipokuwa.

Hivyo mama mkwe alikuwa na hoja, japo maelezo yake hayakuwa sahihi, na wifi naye alikuwa na hoja, kwa sababu siku hizi hizi za wiki ya pili ndizo ambazo kutoka damu kwa hatari hujitokeza zaidi. Utabibu una jina lake: kutoka damu kwa kuchelewa baada ya uzazi, maana yake ni damu isiyo ya kawaida inayokuja baada ya saa 24 za mwanzo mpaka kufikia wiki ya 12. Ile ya saa 24 za mwanzo ndiyo inayojulikana na kuogopwa, na hutokea mkunga akiwa karibu. Hii ya kuchelewa humkuta mama nyumbani, wageni wamepungua, na kila mtu anaamini kwamba hatari imepita.

Kwa hiyo wote wawili wanahitaji kipimo, na kipimo kilicho karibu ni pedi na saa ya ukutani. Pedi mpya ivaliwe, saa itazamwe. Pedi nene ikilowa kabisa, mbele hadi nyuma, ndani ya saa moja, na ya pili ikafuata hivyo hivyo, hilo halisubiriwi. Pedi moja nene iliyolowa huweza kubeba hadi karibu mililita 100, maana yake pedi tano za namna hiyo zinakaribia chupa ndogo ya maji ya nusu lita. Anayetumia vitambaa au kanga kuukuu hana budi kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kanga iliyokunjwa hunywa damu nyingi bila kuonyesha na juu huonekana doa la kawaida. Ni bora kitambaa kiwe kidogo na kibadilishwe kwa saa kuliko kikubwa kinachoficha. Kuhusu mabonge, kipimo cha yai la kuku kinatosha: dogo kuliko yai katika siku za mwanzo halina neno, kubwa kuliko yai, au mengi yanayofuatana, lina neno siku yoyote.

Kizunguzungu cha kuinuka, moyo kwenda mbio mtu akiwa amekaa tu, jasho la baridi, midomo kupauka na mkojo kuwa mchache ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kufidia. Hapa pana mtego ambao hata watoa huduma huingia. Mwanamke kijana aliyepoteza damu nyingi huweza kuwa na shinikizo la damu linaloonekana zuri kwa muda mrefu, kwa sababu mishipa yake hukaza na moyo huongeza mwendo. Kinachobadilika kwanza ni mapigo. Ndiyo maana wakunga wengi siku hizi hugawanya mapigo kwa namba ya juu ya shinikizo. Mapigo 80 kwa shinikizo la 110 hutoa karibu 0.7, na hapo hakuna tatizo. Jibu likifika 0.9 au zaidi, mgonjwa huyo anahesabiwa kuwa amepoteza damu ya kutosha kumdhuru hata kama anazungumza na kutabasamu. Na aliyeingia kwenye uzazi akiwa tayari na upungufu wa damu hufika huko kwa kupoteza kiasi kidogo zaidi kuliko mwenzake.

Kinachozuia jeraha kufunga

Sababu tatu hubeba visa vingi, na mara nyingi huja zikiwa zimeshikana mikono. Ya kwanza ni kipande cha kondo kilichobaki ndani. Misuli haiwezi kukaza vizuri juu ya kitu kilichokwama, kama vile ngumi isivyofumba ikiwa na jiwe ndani yake. Ndiyo sababu mkunga, baada ya kondo kutoka, hulitandaza kwenye sinia na kulikagua upande wa nyama, akiangalia kama vinundu vyote vinakutana bila pengo, kisha huinua utando kuona kama haukuchanika, na hutazama kama kuna mshipa unaoishia ukingoni bila kufika popote, kwa kuwa mshipa wa namna hiyo unaashiria kondo dogo la pembeni lililobaki kwa mama.

Ya pili ni maambukizi ya mji wa mimba. Bakteria hupanda kutoka ukeni kuingia kwenye jeraha, hasa baada ya upasuaji, uchungu mrefu, chupa kupasuka mapema, kupimwa ukeni mara nyingi, au kondo kutolewa kwa mkono. Misuli iliyovimba kwa maambukizi hulegea, mishipa iliyokuwa imefungwa hufunguka, na damu hurudi. Ya tatu ni mji wa mimba kuchelewa tu kunywea mahali kondo lilipokuwa, mishipa ikabaki mipana bila kipande chochote wala homa. Zipo nyingine za nadra, kama ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, ambao wakati mwingine hugunduliwa kwa mara ya kwanza hapa, kwa mwanamke aliyekuwa na hedhi nzito tangu usichana na fizi zinazotoa damu bila sababu.

Katika hizo, maambukizi ndiyo yanayohitaji jicho la karibu zaidi, kwa sababu yanaweza kuua hata pasipo damu nyingi. Lokia ya kawaida ina harufu yake, nzito kidogo, kama ya hedhi, na mama mwenyewe huitambua. Harufu ya kuoza, inayowafanya waliomo chumbani wageuze uso, si ya kawaida. Lakini kukosekana kwa harufu hakumpi mtu hati ya usalama. Yapo maambukizi ya bakteria wanaoitwa streptokokasi wa kundi A ambayo huenda kwa kasi ya kutisha huku lokia ikiwa chache na bila uvundo wowote. Mama huwa na homa kali, maumivu ya tumbo yasiyolingana na jinsi tumbo linavyoonekana, na pengine kuharisha, na anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Nyuzijoto 38 na zaidi katika majuma hayo sita ni sababu ya kuonwa siku hiyo hiyo. Baridi ya kutetemeka, kupumua kwa haraka, au kuchanganyikiwa maneno ni sababu ya kwenda sasa hivi, na mwili kuwa wa baridi kupita kiasi pamoja na dalili hizo ni vibaya kuliko homa yenyewe.

Kwetu homa ya mzazi ina majina mengi ya kuificha. Maziwa yakijaa siku ya tatu huitwa homa ya maziwa, na kweli matiti yaliyojaa huweza kupandisha joto kidogo kwa siku moja. Likiendelea husemwa ni malaria. Malaria ipo, na mzazi apimwe, ila kipimo cha malaria kuonyesha ndiyo hakufuti uwezekano wa tumbo kuwa na maambukizi, na dawa ya malaria iliyonunuliwa duka la mtaani huweza kumpotezea siku mbili ambazo hakuwa nazo.

Neno “damu chafu” na maji ya moto

Sidhani kama kuna neno linalochelewesha watu zaidi ya hili la damu chafu. Wazo lenyewe linaeleweka: kwa miezi tisa hedhi haikutoka, kwa hiyo imejikusanya, na sasa sharti itoke yote, hata ikibidi kusaidiwa kwa kukanda tumbo kwa maji ya moto na kulifunga kwa kanga. Mji wa mimba hauweki akiba ya hedhi. Damu inayotoka baada ya uzazi ni damu ile ile iliyokuwa ikizunguka moyoni dakika chache kabla, na kila kikombe kinachotoka ni kikombe alichopungukiwa mama. Kwa anayeamini kwamba ni uchafu, kutoka kwingi ni habari njema. Hapo ndipo mzazi huachwa akitokwa na damu mpaka macho yanapofumba, na waliomzunguka hawakuwa wabaya wala wavivu. Walikuwa wakisubiri imalizike.

Kukandwa kwenyewe sikukatazi kwa jumla. Taulo la maji ya vuguvugu mgongoni na mikono ya mtu anayekujali ni raha ambayo mzazi anaistahili, na kanga iliyofungwa kiasi humpa nafuu ya kutembea. Shida ni maji yanayochoma ngozi, kukandamiza tumbo kwa nguvu siku ya nane au ya kumi, kumkanda aliyeshonwa tumboni, na zaidi ya yote kumkalisha mzazi juu ya beseni la maji ya moto yaliyotiwa majani au chumvi, au kumwingizia kitu chochote ukeni, wakati mlango wa kizazi bado haujafunga sawasawa na jeraha liko wazi juu yake.

Na arobaini je? Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, damu ya nifasi kwa kawaida huwa siku 40 na kikomo chake ni siku 60, na ikikatika mapema mama huoga na kurudi kwenye ibada zake. Hesabu hiyo inajibu swali la sala na saumu. Haikuwekwa kusema kwamba damu yoyote inayotoka ndani ya siku 40 ni salama, na anayeitumia hivyo anauliza swali la daktari mahali ambapo fatwa inajibu jambo jingine.

Kisa kimoja kwa hatua zake

Tuchukue mfano, ambao nimeuunganisha kutokana na visa vinavyofanana na si wa mtu mmoja. Mzazi ana miaka 24 na huu ni uzazi wake wa pili, alizalia zahanati, kondo lilichukua dakika 40 na utando wake ulitoka umechanika. Siku ya tisa alipata ule mkupuo wa alfajiri. Ilitumika pedi moja na nusu kwa saa moja na nusu, akanyonyesha, akalala, na kufikia adhuhuri damu ilikuwa imerudi kuwa ya waridi. Hapo mama mkwe alishinda. Usiku wa siku ya 11 na wa 12 alitetemeka kwa baridi, wakamwongezea blanketi. Siku ya 13 alasiri damu nyekundu ilirudi, na safari hii haikusimama: pedi tatu chini ya saa mbili, na bonge moja kubwa kuliko limau.

Kabla ya kuondoka walifanya mambo machache yaliyo sawa. Alikwenda haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kukaza. Mtoto aliwekwa titini njiani, mama akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma. Wifi alizitia pedi zote kwenye mfuko wa plastiki akaja nazo, na hazikuwa aibu hata kidogo, kwa sababu muuguzi aliyezifungua alijua kwa kuona tu kwamba hakuna muda wa kupanga foleni.

Joto lilikuwa 38.4, mapigo 112, shinikizo 104 kwa 62. Gawanya: 112 kwa 104 ni zaidi kidogo ya moja. Kipimo cha malaria kilikuwa hakina kitu. Mkono tumboni ulikuta mji wa mimba vidole vitatu juu ya mfupa wa kinena, laini na wenye maumivu, ilhali siku ya 13 ulipaswa kuwa umejificha au karibu hivyo. Mlango wa kizazi ulikuwa bado unapitisha kidole. Hayo mawili, tumbo lililobaki juu na mlango uliobaki wazi, yalisema mengi hata kabla ya mashine. Altrasaundi ilionyesha kitu cha sentimita tatu chenye damu inayopita ndani yake. Kipengele hicho cha mwisho ndicho muhimu, kwa sababu katika wiki mbili za kwanza altrasaundi ya mama mzima huweza kuonyesha mabonge na mabaki, na mwenye papara anaweza kumsafisha mtu asiyehitaji. Bonge la damu halina mishipa. Kipande cha kondo kilichoshika huwa nayo mara nyingi.

Wingi wa damu ulikuwa 7.8. Aliwekewa dripu mbili, akapewa oksitosini, na dawa za kuua bakteria zikaingia kwa mshipa kabla ya jambo jingine lolote, klindamaisini pamoja na jentamaisini, ambazo ndizo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maambukizi ya mji wa mimba baada ya uzazi. Chupa mbili za damu zilitafutwa na kuwekwa tayari. Kisha kipande kilitolewa kwa pampu ya mkono ya kufyonza, mashine ya altrasaundi ikiwa juu ya tumbo kuonyesha njia. Kukwangua kwa kijiko cha chuma ndiyo njia ya zamani, na katika majuma haya ina ubaya wake: ukuta ni laini kama papai lililoiva na hutoboka kwa urahisi, na ukikwanguliwa mpaka kwenye tabaka la chini, pande mbili za ndani huweza kushikana, hedhi ikapotea na mimba inayofuata ikawa shida. Damu yake ilipungua usiku ule ule, homa ikashuka siku ya pili, akatoka na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu.

Kuna swali ambalo familia yake iliuliza baadaye na lina haki ya kujibiwa: je, siku ya tisa walipaswa kwenda? Damu ile ilikoma ndani ya muda wake na kwa kipimo cha pedi haikuwa ya hatari. Lakini kondo lililochelewa na utando uliochanika vilikuwa vimeandikwa kwenye kadi, na mama mwenye historia hiyo hatumii kipimo kile kile na mwenzake. Na mtetemeko wa siku ya 11 ulijitosheleza kuwa sababu. Hudhurio la baada ya uzazi linalotakiwa kati ya siku ya saba na ya 14 limewekwa hapo kwa ajili ya mambo kama haya, na ndilo linalorukwa zaidi, kwa sababu mtoto anaonekana mzima na mama hatoki nje kabla ya arobaini.

Baada ya wiki ya sita

Damu inayorudi baada ya kukatika kabisa ina hesabu nyingine. Asiyenyonyesha anaweza kutoa yai mapema kama siku ya 25, kwa hiyo damu ya wiki ya sita au ya saba, baada ya siku kadhaa za ukavu, huenda ikawa ni hedhi ya kwanza tu, ambayo huweza kuwa nzito kuliko alivyoizoea. Aliyechomwa sindano ya miezi mitatu au kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango katika majuma haya anaweza kuona matone yasiyo na mpangilio kwa miezi, na huchosha lakini hayamaanishi kwamba kuna kilichobaki ndani. Ni vizuri tarehe ya sindano hiyo itajwe kliniki, kwa sababu bila kuitaja daktari atatafuta sababu mahali pasipo nayo.

Ila damu nyekundu ambayo haijawahi kukatika tangu siku ya uzazi na imepita wiki ya sita haiingii katika makundi hayo mawili. Kwake kuna kipimo rahisi ambacho husahaulika, nacho ni kile cha mimba. Homoni ya mimba huisha mwilini ndani ya wiki chache baada ya uzazi. Ikiwa kipimo bado kinaonyesha mistari miwili katika wiki ya saba au ya nane, huenda kuna kipande cha kondo kilicho hai, huenda kuna mimba mpya, na kwa nadra sana huenda ni uvimbe wa saratani unaotokana na chembe za kondo, ambao hutibika vizuri kwa dawa ukigunduliwa mapema na husambaa hadi kwenye mapafu ukichelewa. Anayekwenda kliniki kwa ajili ya damu ya namna hiyo aombe kipimo hicho kwa jina lake, na aende na kadi ya uzazi, pamoja na karatasi yenye tarehe damu ilipokuwa nyekundu, ilipofifia, ilipokoma na iliporudi, na idadi ya pedi kwa siku.